Tangazo Liseme Kwamba ni Tangazo

Leo nataka tuzungumze juu ya matangazo yanayopita mbele ya macho yetu bila kujitaja, na namna mtu aliyelipwa kusifia bidhaa anavyopaswa kusema kwamba amelipwa. Nitaanzia mbali kidogo, Marekani, kwa sababu huko kuna shauri moja ambalo mambo yake yaliwekwa hadharani hatua kwa hatua, na ukilielewa hilo umeelewa sehemu kubwa ya jambo hili.

Tarehe 27 na 28 Machi 2015, wanawake wengi wa Kimarekani waliofungua Instagram walikutana na gauni moja. Lilikuwa na nakshi ile ambayo kwenye kanga tunaiita korosho, na pindo lake lilikuwa refu upande mmoja, fupi upande wa pili. Huyu kalivaa na viatu vya juu, yule kalivaa na jaketi, mwingine yuko ufukweni. Kila mmoja alilivaa kwa mtindo wake, kwenye ukurasa wake, na maneno yake. Mtu akiona vile angesema gauni hili limewapendeza watu kweli, maana kila ninayemfuata kalinunua.

Hakuna hata mmoja wao aliyelinunua. Duka la nguo liitwalo Lord & Taylor lilikuwa limewapa gauni hilo bure wanawake 50 wenye wafuasi wengi, na juu yake likamlipa kila mmoja kati ya dola 1,000 na dola 4,000. Mkataba uliwaambia waposti picha moja katika siku zile, walitaje duka kwa @lordandtaylor na waweke #DesignLab, jina la nguo mpya za duka hilo. Kabla picha hazijatoka, duka lilizipitia na kurekebisha baadhi ya maelezo yake. Mkataba ule uliojua kutaja hata hashitagi haukuwa na sharti la mtu kusema kwamba amelipwa, na wakati wa kupitia maelezo hakuna aliyeliongeza. Katika siku mbili picha zile ziliwafikia watumiaji milioni 11.4 wa Instagram, na gauni likaisha dukani. Duka hilo lililipia pia makala katika jarida la mtandaoni la Nylon, likaisoma na kuikubali kabla haijatoka, na msomaji hakuambiwa kwamba ile ni kazi ya kulipwa.

Mwaka 2016 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, ambayo watu wa kazi hii huiita FTC, ililifikisha duka hilo kwenye makubaliano. Duka lilikatazwa kuwaonyesha watu waliolipwa kana kwamba ni wanunuzi wa kawaida, na likatakiwa kuwa na utaratibu wa kuwakagua wanaolitangazia. Angalia, msikilizaji, ni nani aliyeshtakiwa. Wale wanawake 50 hawakuguswa. Aliyeandika mkataba, akalipa, akapitia maelezo, ndiye aliyeulizwa. Nalitaja hili mapema kwa sababu huku kwetu wenye bidhaa wengi huamini kwamba mzigo wa kusema ukweli ni wa yule kijana aliyeposti, na wao wamenunua huduma tu.

Sasa kosa lenyewe lilikuwa nini? Gauni halikuwa bovu, na hakuna aliyedanganya juu ya bei au kitambaa. Kosa ni kwamba mtazamaji alinyimwa jambo moja ambalo lingebadilisha uzito anaoupa sifa zile. Mtu akikuambia daladala fulani ni ya haraka, unamsikiliza kwa namna moja. Ukijua kwamba ni konda wa daladala hiyo, unamsikiliza kwa namna nyingine. Hata akisema kweli, una haki ya kujua anasimama wapi. Kipimo kinachotumika ni hicho: je, kati ya anayesifia na mwenye bidhaa kuna uhusiano ambao msikilizaji asingeutarajia, na ambao akiujua ataipima upya sifa hiyo? Kama upo, utajwe.

Ndiyo maana si kila tangazo linahitaji tamko. Mchezaji wa mpira akionekana kwenye bango la barabarani ameshika chupa ya soda, hakuna anayedhani alikuwa akipita tu akaamua kuisifu. Bango limekwisha kujieleza kwa umbo lake. Sisi wa redio nasi tuna desturi yetu ya siku nyingi: kipindi kinafunguliwa kwa maneno "kinaletwa kwenu kwa hisani ya fulani", na msikilizaji anajua nani amelipia saa ile. Tatizo linaanza pale mtangazaji anapomaliza kutaja mdhamini, akaendelea na stori zake za kawaida, kisha katikati akachomeka sifa za dawa ya mbu kana kwamba imemjia tu kichwani. Ukurasa wa mtu wa mtandaoni uko hivyo muda wote. Leo mtoto wake ameanza kutembea, kesho amepika pilau, keshokutwa anapaka mafuta ya nywele. Vyote vinatoka kwa mdomo uleule na taa ileile, na mtazamaji hana pa kushika.

Hapo kuna jambo ambalo napenda tulitazame bila kukwepa. Wapo wenye bidhaa wanaomwambia wazi yule wanayemlipa: usiandike kwamba ni tangazo, andika kama unavyoandika siku zote, tangazo halina mvuto. Ombi hilo linaeleza fedha inanunua nini. Kama mteja yuko radhi kulipa zaidi ili watu wasijue, basi sehemu ya malipo hayo ni bei ya kutojua kwao. Mimi nasema kazi ya namna hiyo ikataliwe, hata kama kodi ya nyumba imekaribia.

Tuchukue mfano wa kwetu, wa kubuni lakini unaofanana na mengi tunayoyaona. Tuseme kuna dada anaitwa Rehema, anakaa Mbagala, ana wafuasi elfu arobaini, na watu humfuata kwa sababu anajua kusuka na kutunza nywele za asili. Mtengenezaji wa mafuta ya nywele anampa laki tatu na chupa nne, atoe video moja Instagram na kuiweka TikTok pia. Rehema anaandika hivi chini ya video:

"Jamani nywele zangu siku hizi mpaka najishangaa! Nilikuwa nakatika sana mbele, sasa hivi zimejaa. Siri yangu ni haya mafuta, nayapenda kupita kiasi. Asanteni sana kwa kunijali! Namba ya kuagizia iko kwenye video. #nywele #urembo #mafuta #bongo #ad"

Rehema ukimuuliza atakuambia ametaja, si ameandika #ad? Hebu tutazame yule anayeisoma. Instagram kwenye simu haionyeshi maelezo yote. Hutoa mistari michache ya mwanzo, na kilichobaki kinafunguka ukigusa neno more. Tamko la Rehema limekaa huko chini, mwisho kabisa, nyuma ya hashitagi nne. Mnamo Aprili 2017 ile tume ya Marekani ilituma barua zaidi ya 90 kwa watu maarufu na makampuni, na moja ya nukta zake ilikuwa hiyo: tamko lionekane kabla ya mtu kugusa more, kwa sababu wengi hawagusi, na rundo la hashitagi wengi hulipita bila kulisoma.

Hata angeigusa, bado kuna la pili. Video ni ya Kiswahili, maelezo ni ya Kiswahili, wafuasi wake ni mama lishe, wanafunzi, wauza mitumba wa Mbagala na Tandika. Kisha neno pekee linalosema kweli limeandikwa kwa herufi mbili za lugha nyingine. Mwongozo wa tume ile kwa wanaotangaza mitandaoni unataka tamko liwe kwa lugha ileile ya sifa zenyewe, na kwa maoni yangu hakuna sharti linalotuhusu zaidi ya hilo. Tuna maneno yanayoeleweka tangu Kigoma hadi Lamu: tangazo, nimelipwa, nimepewa bure. Hayahitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote.

La tatu ni yale maneno "asanteni sana kwa kunijali". Shukrani haisemi kama fedha imepita. Mtu anaweza kuishukuru kampuni kwa sababu ilimjibu malalamiko yake. Vivyo hivyo neno "balozi", ambalo siku hizi kila mtu analo. Balozi wa mafuta, balozi wa maji, balozi wa godoro. Katika habari ya mkataba uliotangazwa kwa waandishi linaeleweka, lakini limewekwa peke yake chini ya picha halimwambii mtu wa kawaida kwamba huyu analipwa kwa kila anachokisema. Na ukiandika "kwa ushirikiano na", wapo watakaodhani mmefungua biashara pamoja.

Basi Rehema aandike nini? Mstari wa kwanza kabisa uwe huu: "TANGAZO: Nimelipwa na watengenezaji wa mafuta haya." Kisha aendelee na maneno yake, kwa sauti yake, na asifie anachokipenda kweli. Tamko hilo halizidi nusu ya mstari, na halimzuii kuwa mcheshi.

Halafu aende kwenye vifaa vya mtandao wenyewe. Instagram ina sehemu iitwayo Add paid partnership label katika mipangilio ya posti. Ukiiwasha na kuchagua akaunti ya mwenye bidhaa, juu ya video chini ya jina lako hutokea maneno Paid partnership. TikTok ina swichi ya kutaja maudhui ya kibiashara, na ndani yake kuna njia mbili ambazo watu huzichanganya. Your brand ni kwa anayetangaza mali yake mwenyewe, kama mshonaji anayeonyesha magauni ya duka lake, na video hupata maneno Promotional content. Branded content ni kwa anayetangaza mali ya mwingine kwa malipo, na video hupata maneno Paid partnership. Rehema ni wa hii ya pili. Akichagua ya kwanza, atakuwa amewaambia watu kwamba mafuta yale ni yake. YouTube nayo ina kisanduku cha kuweka alama, na mtazamaji huona maneno Includes paid promotion katika sekunde 10 za mwanzo.

Vifaa hivi si hiari. Ni masharti ya mitandao yenyewe, na anayeyakiuka anaweza kuondolewa posti au video yake ikaacha kusambazwa. Lakini kuwasha swichi hakujamaliza kazi. Kwanza maneno yake huwa madogo, yako pembeni ya mahali macho yanapotua, na mara nyingi ni ya Kiingereza. Pili, na hili ndilo zito kwa mazingira yetu, lebo hiyo haitembei na video. Video ya Rehema ikipendwa, kesho mtu ataipakua na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, shangazi ataiweka kwenye status, na fundi simu wa Morogoro ataipata bila jina la ukurasa ilikotoka. Lebo imebaki kwenye mtandao ule, na maelezo yamebaki nayo. Kilichosafiri ni picha na sauti tu.

Kwa hiyo tamko liwe ndani ya picha na sauti. Rehema afungue video yake kwa kusema kwa mdomo wake, kabla hajafika kwenye sifa: "Video hii nimelipwa na watengenezaji wa mafuta haya." Na maneno hayohayo yaandikwe kwenye skrini, makubwa ya kusomeka, yakae muda wa kutosha mtu kuyasoma. Kwa nini vyote viwili? Kwa sababu wengi hutazama wakiwa wamezima sauti ndani ya gari, na wengine husikiliza simu ikiwa mezani huku wakichambua mboga. Katika stori zinazopita ukurasa baada ya ukurasa, maneno yawekwe juu ya picha yenyewe, na kila picha inayosifia ijitosheleze, maana mtu anaweza kuingilia katikati. Kama ni mubashara ya saa nzima, arudie mara kwa mara, kwa kuwa aliyeingia dakika ya arobaini hakusikia ulichosema ya kwanza.

Niligusia fedha tu, lakini kinachowaponyoka wengi ni zawadi. Tuseme Rehema hakupewa laki tatu. Alipewa zile chupa nne tu, bila mkataba, na ujumbe usemao "jaribu, ukipenda utuposti". Hapo atajiona huru, kwa sababu hakulipwa. Kipimo chetu hakikuuliza kama ni fedha. Kiliuliza kama kuna uhusiano ambao mtazamaji asingeutarajia. Chupa za bure ni uhusiano. Usiku mmoja wa hoteli ni uhusiano. Vivyo hivyo komisheni anayoipata kila mtu akiagiza kwa kutumia neno lake la punguzo, na vivyo hivyo mafuta hayo yakiwa ya shemeji yake. Tamko lifuate ukweli ulivyo: "Nimepewa bure nijaribu", au "Ukiagiza kwa neno langu napata komisheni", au "Hii ni biashara ya shemeji yangu". Asiandike amelipwa kama hakulipwa. Hilo nalo si kweli.

Upo upande mmoja ambako hata neno tangazo halitoshi, nao ni matangazo ya kuwekeza. Mwezi Juni 2021 Kim Kardashian, ambaye ana wafuasi kwa mamia ya milioni, aliposti kwenye Instagram habari za sarafu ya kidijitali inayoitwa EMAX, ya EthereumMax. Aliandika #ad. Oktoba 2022 tume inayosimamia masoko ya mitaji ya Marekani ilimfikisha kwenye makubaliano ya kulipa dola milioni 1.26, kwa sababu hakusema kwamba alilipwa dola 250,000 kwa posti ile. Sheria yao ya dhamana inamtaka anayelipwa kutangaza dhamana ataje pia kiasi alicholipwa. Huku kwetu vijana wengi wanaalikwa kutangaza vikundi vya foreksi na sarafu za namna hiyo. Ukiwa mtazamaji, na mtu anakuambia uweke akiba yako mahali, uliza yeye amewekewa nini mkononi.

Na tamko, hata likiwekwa vizuri kiasi gani, halisafishi uongo. Rudi kwenye maelezo ya Rehema: "nilikuwa nakatika sana mbele, sasa hivi zimejaa." Kama mafuta ameyapata Jumatatu na video ametoa Alhamisi, nywele haziwezi kujaa kwa siku tatu, kwa kuwa nywele za kichwani hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwezi. Basi sentensi ile iondoke, na neno TANGAZO mwanzoni haliwezi kuiokoa. Hawezi kusimulia matokeo ambayo hakuyapata, wala kusema bidhaa inatibu jambo ambalo mwenye bidhaa hana ushahidi nalo. Anachoweza kusema kwa siku tatu ni harufu, wepesi, kama yananata mikononi, kama yanachafua foronya. Kwa wanaonunua mafuta ya nywele, hayo ni habari ya maana sana.

Najua kuna atakayeniambia hizo ni tume za Wamarekani. Sawa. Lakini Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha watu, na Kenya kuna Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Hazihitaji kutaja Instagram kwa jina ili upotoshaji uwe upotoshaji. Na masharti ya mitandao yenyewe yanamfunga mwenye akaunti wa Mbagala kama wa New York, kwa kuwa aliyakubali siku alipofungua akaunti.

Kwa wenye bidhaa mnaonisikiliza, rudini kwenye lile duka la gauni. Waliandika hashitagi kwenye mkataba, wakasahau tamko. Ninyi liandikeni neno kwa neno: litamkwe katika sekunde za mwanzo, liandikwe kwenye skrini, liwe mstari wa kwanza wa maelezo, na lebo ya mtandao iwashwe. Andikeni pia kwamba malipo ya mwisho yanatoka baada ya kuiona posti ikiwa hewani na tamko lake, kwa sababu video mliyotumiwa WhatsApp mkaikubali si lazima iwe ndiyo iliyopostiwa. Ifungueni kwa simu ya kawaida, kwa akaunti nyingine, muone kile anachokiona mteja. Halafu muirudie baada ya wiki, maana wapo wanaofuta mstari ule posti ikishatulia.

Na kwa akina Rehema ambao kurasa zao zina posti za zamani zisizo na tamko: maelezo ya Instagram yanaweza kuhaririwa, na lebo ya ushirikiano wa kulipwa inaweza kuongezwa kwenye posti iliyokwisha kutoka. Anza na zile ambazo bado watu wanaandika chini yake kuuliza bei.